Fildi Bila Mjomba: Kuifikisha Barua kwa Mtu Anayeweza Kukubali

Mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu cha Tanzania, kwa utaratibu wa vyuo vingi, hutakiwa kukaa kazini wiki nane hivi wakati wa likizo ndefu, kati ya Julai na Septemba. Chuo humpa barua ya utambulisho, logibuku na fomu ya tathmini, kisha mara nyingi humwachia atafute mahali mwenyewe. Mwezi mmoja kabla ya kufunga chuo, wenzake wawili watatu wamekwishatulia kwa sababu mjomba wa mmoja ni meneja, na shangazi wa mwingine ni afisa utumishi. Yeye ametoa nakala ishirini za barua moja na kuzigawa kwenye mapokezi ya ofisi ishirini za Dar es Salaam, na hakuna hata moja iliyojibu. Hitimisho analolifikia ni kwamba bila koneksheni hakuna fildi. Naamini hitimisho hilo lina ukweli kidogo na kosa kubwa ndani yake, na makala hii inataka kuvitenganisha viwili hivyo.

Tutazame kwanza mjomba anafanya nini hasa. Mara chache sana huwa anaunda nafasi ambayo haikuwepo. Anajua idara gani ina kazi na ni nani mkuu wake. Anaichukua barua na kuiweka mbele ya huyo mkuu kabla meza haijajaa. Na akiulizwa kijana huyu ni wa namna gani, anamjibia. Yaani anatoa habari, anaifikisha barua, na anaondoa wasiwasi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji undugu. Zinahitaji muda na kujua njia ambayo barua hupita, na mwanafunzi asiye na ndugu kazini anaweza kuzifanya mwenyewe akianza mapema. Lakini kuna mahali ambapo kazi hizo hazitatosha, na ni lazima niseme wazi tangu sasa. Pale ambapo maombi mia tano yanagombea nafasi kumi, waombaji wote wamefanana, na anayechagua hana kipimo kingine, undugu ndio huamua. Makao makuu ya benki, mashirika makubwa ya umma na kampuni za gesi na simu jijini Dar es Salaam ni mahali pa namna hiyo. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza, na ulio mzito kuliko uandishi wa barua wenyewe, ni wapi uombe.

Wanafunzi wengi huchagua mahali kwa jina. Ushauri wangu ni kuchagua kwa kalenda. Kiwanda au mradi ulio katikati ya msimu wake wa kazi unahitaji mikono, na mhandisi wake ana sababu ya kumkubali mtu anayeweza kubeba sehemu ya kazi. Ulio nje ya msimu humwona mwanafunzi kuwa mzigo wa kutafutiwa la kufanya. Likizo ndefu ya vyuo vyetu huangukia kiangazi, na hiyo ni bahati kubwa. Masika yamekwisha, wakandarasi wa barabara na majengo wamerudi kwenye udongo mkavu, viwanda vya sukari vimeanza kusaga miwa, na katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza pamba ambayo hununuliwa kuanzia Mei inaendelea kuchambuliwa. Kwa upande mwingine, anayetaka kuona mitambo ya kiwanda cha sukari ikifunguliwa na kukarabatiwa atachelewa, maana kazi hiyo hufanywa wakati wa mvua, kiwanda kikiwa kimesimama. Hali kadhalika, anayetarajia kuona korosho zikimiminika Mtwara mwezi Agosti atakuta maghala yanasubiri, kwa kuwa msimu wa mauzo huanza mwezi Oktoba hivi. Kalenda hizi si siri. Wakulima wanazijua kuliko wahadhiri, na mwanafunzi aliyekulia kijijini anazijua pia, ila hajawahi kuzihesabu kama ujuzi unaoweza kumpatia fildi.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mwanafunzi wa uhandisi mitambo, mwaka wa pili, anayesoma Dar es Salaam na kwao ni Maswa, mkoani Simiyu. Wazazi ni wakulima wa pamba. Hakuna hata mtu mmoja katika ukoo anayefanya kazi ofisini. Akibaki Dar es Salaam atahitaji chumba, nauli ya daladala mara mbili kwa siku na chakula kwa wiki nane, tena atashindana na wanafunzi wa vyuo vyote vya jiji. Akirudi nyumbani anakula na kulala kwao, na mkoa mzima una viwanda vya kuchambua pamba ambavyo wenzake darasani hawajawahi kuvifikiria. Ndani ya kiwanda kama hicho mna karibu kila kitu alichosoma: mota za umeme, mikanda na puli, beringi, mifumo ya hewa inayosukuma pamba kwenye mabomba, mashine za kuchambua zenyewe, na presi ya haidroliki inayofunga marobota. Baadhi ya vinu hutumia misumeno ya duara, vingine hutumia rola zilizofunikwa kwa ngozi ambazo uso wake ukishakuwa laini hushindwa kuzivuta nyuzi, na uzalishaji hushuka. Mwanafunzi aliyeona rola ikichongwa upya, akapima kiasi cha pamba kabla na baada, ana ripoti mkononi. Mwenzake aliyekaa wiki nane kwenye ofisi yenye kiyoyozi akipanga mafaili atalazimika kunakili ya mtu mwingine.

Hapa kuna pingamizi ambalo wanafunzi hulitoa haraka, nalo lina haki ya kujibiwa. Wanasema jina la kiwanda cha Maswa halitang'aa kwenye wasifu kama jina la shirika kubwa. Ni kweli kwamba mwajiri anayepitia wasifu kwa haraka huvutwa na jina analolijua. Lakini fildi ya mwaka wa pili hupimwa kwanza na chuo, kwa logibuku, ripoti, fomu ya msimamizi wa kazini na ziara ya mhadhiri, na hakuna kati ya hivyo kinachotoa alama kwa umaarufu wa lango. Tena katika usaili wa kazi baadaye, swali la kawaida ni ulifanya nini kule, na jibu linalotaja mashine, tatizo na hatua iliyochukuliwa humshinda aliyepita tu kwenye jengo refu. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mahali padogo panaweza kuwa padogo kupita kiasi. Hilo naliunga mkono. Karakana ya fundi mmoja asiye na cheti, isiyo na mhuri wala kazi ya kila siku, chuo kinaweza kuikataa, na hata kikiikubali hutajifunza kiasi cha kutosha. Kabla ya kuomba, hakikisha mambo mawili: kwamba yupo mhandisi au fundi sanifu mwenye sifa atakayesaini logibuku kila wiki, na kwamba kazi inayohusiana na kozi yako inaendelea pale kila siku. Kisha muulize mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara yako kama wahadhiri watafika mkoa huo kukagua. Vyuo vingine hupanga mikoa ya ukaguzi mapema, na aliye nje ya ramani hupata taabu ya alama.

Sasa, habari ambazo mwenye mjomba huzipata mezani wakati wa chakula, wewe utazipata wapi? Chanzo bora kuliko vyote kimo ndani ya chuo chenyewe, na karibu hakuna anayekigusa: ripoti za fildi za miaka iliyopita. Zinakaa kwenye ofisi ya mratibu, au kwenye kabati la idara, au maktaba. Kila ripoti hueleza muundo wa shirika, vitengo vyake, cheo cha msimamizi, kazi zilizofanywa na shida zilizojitokeza. Ukisoma ripoti kumi za wanafunzi wa kozi yako utajua ni wapi wanafunzi hupokelewa kila mwaka, na ni wapi waliachwa wakae tu. Mwandishi wa ripoti huenda bado yuko chuoni, mwaka wa tatu au wa nne. Mtafute. Swali la kumuuliza ni fupi: "Kaka, barua yako uliipeleka kwa nani, na aliyeikubali alikuwa nani?" Majibu hayo mawili mara nyingi hutaja watu wawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo siri nzima ya jambo hili.

Anayepokea barua katika taasisi ya umma ni mhudumu wa masjala. Huyu hana uwezo wa kukubali wala kukataa. Kazi yake ni kuigonga mhuri wa kupokelewa, kuiandikia namba, kuiweka kwenye faili na kulipeleka faili kwa anayehusika. Barua ya fildi huenda kwa afisa utumishi. Yeye naye kwa kawaida hajui kama karakana au idara ya ujenzi inahitaji mwanafunzi, hivyo anatakiwa kuandika dokezo kwa mkuu wa idara kuuliza, mkuu ajibu, faili lirudi, na barua ya majibu iandaliwe na kusainiwa. Njia hiyo ikienda vizuri huchukua wiki kadhaa, na inaweza kukatika kwenye kila meza. Hukatika mara nyingi zaidi kwa afisa utumishi, kwa sababu barua iliyo mbele yake imeandikwa kwa yeyote anayehusika, haitaji idara, haitaji tarehe, na inafanana na nyingine thelathini zilizo chini yake. Ili aifanyie kazi lazima kwanza afikirie kwa niaba ya mwanafunzi. Ana mishahara, likizo na uhamisho wa watumishi mezani. Hataifikiria, na hatuna haki ya kumlaumu sana.

Mjomba huiruka njia hii kwa kuanzia mwisho wake. Humwendea mkuu wa idara, huyo akisema sawa, ndipo barua huletwa masjala ikiwa na jibu lake tayari, na afisa utumishi hubaki na kazi ya kurasimisha. Mwanafunzi asiye na mjomba anaweza kufanya vivyo hivyo bila kuvunja utaratibu wowote. Kumtembelea au kumpigia mkuu wa karakana na kumuuliza kama kitengo chake kinaweza kupokea mwanafunzi mmoja mwezi Julai si kuomba upendeleo. Ni kuuliza swali ambalo afisa utumishi angeliuliza baadaye kwa dokezo. Katika karakana za TEMESA zilizo mikoani, ofisi za TARURA, RUWASA au SIDO, na idara za halmashauri, mkuu huyo hana walinzi watano mlangoni kama mkurugenzi wa makao makuu. Unafika, unajieleza, na mara nyingi unamwona siku hiyohiyo au unapewa siku ya kurudi. Akikubali kwa mdomo, muulize barua iandikwe kwa jina la cheo gani. Kwenye halmashauri, kwa mfano, barua huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji hata kama kazi iko kwa mhandisi, na kukosea hapo kunaweza kuirudisha nyuma wiki nzima. Kisha ndani ya barua andika wazi kwamba umewasiliana na kitengo fulani na kwamba unaomba kupangiwa hapo.

Kiwanda binafsi kina njia fupi zaidi, lakini lango lake ni gumu. Mwanafunzi wetu wa Maswa atakutana kwanza na mlinzi, na mlinzi ameambiwa awarudishe wanaotafuta kazi. Asimwambie anatafuta nafasi. Amsalimie, aseme ni mwanafunzi wa chuo, ana barua ya chuo kwa mkuu wa matengenezo, na aulize mkuu huyo huwa na nafasi saa ngapi. Walinzi wengi hujibu swali la saa kwa sababu halivunji amri yoyote waliyopewa. Asiende asubuhi kwenye mabadiliko ya zamu, wakati ambapo kila hitilafu ya usiku inaripotiwa. Mchana baada ya chakula, katikati ya wiki, ni afadhali. Kwa kuwa anasoma mbali, ziara hii aifanye katika likizo fupi kabla ya muhula wa pili. Akishindwa kusafiri, atumie simu: "Shikamoo mhandisi. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo mwaka wa pili, kwetu ni hapo Maswa. Naomba kuuliza kama kitengo chako kinaweza kunipokea kwa fildi ya wiki nane kuanzia Julai. Nina barua ya chuo, naweza kuituma leo." Hapo anyamaze asikilize. Mhandisi akijibu "tuma tuone", hiyo ni nusu ya ndiyo, na barua itumwe siku hiyohiyo.

Baada ya habari na njia, linabaki jukumu la tatu la mjomba, la kuondoa wasiwasi. Wanafunzi wengi huandika barua kama ombi la hisani: wanashukuru sana, wanaahidi nidhamu, wanaeleza jinsi watakavyofaidika. Msomaji wa barua hiyo ana maswali mengine kabisa kichwani. Je, nitamlipa? Atalala wapi? Akikatwa kidole na mashine, nani atajibu? Atakuja kila siku, au atakuja siku ya kwanza na siku ya kugongewa mhuri? Ana lolote anaweza kufanya, au nitampa mtu wa kumlinda? Mwenye mjomba hahitaji kuyajibu kwa sababu mjomba ndiye jibu. Asiye na mjomba ayajibu kwenye barua, moja baada ya jingine, kwa lugha ya kawaida. Mwanafunzi wetu anaweza kuandika hivi:

"Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha matengenezo kwa wiki nane, kuanzia katikati ya Julai, tarehe kamili zimo kwenye barua ya chuo niliyoambatanisha. Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa pili. Nimefanya kazi za karakana chuoni: uchomeleaji, vipimo na usomaji wa michoro ya mashine. Naweza kusaidia mafundi katika kulainisha mashine, kubadilisha beringi na mikanda, na kutunza kumbukumbu za kila mara mashine inaposimama na sababu yake. Nitakaa kwa wazazi wangu hapa Maswa na siombi posho. Nitakuja na ovaroli na buti zangu za usalama, na kadi yangu ya bima ya afya inatumika. Mhadhiri wangu atanitembelea kazini. Mawasiliano yake yamo kwenye barua ya chuo."

Barua hii ni fupi, na nguvu yake imo kwenye sentensi ya kutunza kumbukumbu. Katika karakana nyingi mafundi hutengeneza mashine wakaendelea na kazi nyingine bila kuandika chochote, na mkuu wa matengenezo mwisho wa msimu hajui ni beringi ipi iliyomsumbua zaidi. Mwanafunzi anayejitolea kuandika saa mashine iliposimama, saa ilipowaka, na sababu, anatoa kitu ambacho kiwanda hakina, bila kuhitaji ujuzi ambao bado hajaupata. Kwa kozi nyingine kazi ya namna hiyo ipo pia. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kulinganisha stakabadhi na daftari la benki, wa uhandisi ujenzi anaweza kupima na kuandika kazi ya siku kwenye eneo la mradi, wa mipango miji anaweza kuhakiki orodha ya viwanja uwandani. Ila asiahidi asichokiweza. Anayeandika kwamba ni mahiri wa programu ambayo hajawahi kuifungua atagundulika wiki ya kwanza, na msimamizi aliyedanganywa huwa mkali kwenye fomu ya tathmini. Vilevile, sentensi ya kutoomba posho iandikwe na yule tu anayeweza kuitimiza. Mikopo ya HESLB ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo kwa wanaostahili. Asiye na mkopo wala ndugu karibu na kiwanda afanye hesabu ya kodi, nauli na chakula kabla ya kuomba, kwa sababu anayeacha fildi wiki ya nne kwa kuishiwa huenda akalazimika kuirudia mwaka mwingine.

Barua ikishapokelewa ubaki na ushahidi. Nenda na nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na kurudi nawe ikiwa na tarehe na namba. Baada ya siku kumi za kazi uliza masjala faili liko kwa nani. Ukitajiwa meza au cheo, barua iko hai na sasa unajua pa kuuliza. Ukijibiwa tu kwamba inashughulikiwa, mara mbili mfululizo, bila kutajiwa mtu, ihesabu imelala na urudi kwa mkuu wa idara aliyekubali, umwombe kwa heshima aulizie ndani. Kwa ratiba hii utaona kwa nini kuanza Juni ni kuchelewa. Juni, tena, ndiyo mwezi ambao ofisi za umma zinafunga mwaka wa fedha, kwa kuwa mwaka mpya wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na barua ya mwanafunzi ni kitu cha mwisho kufikiriwa. Kusoma ripoti na kuchagua mahali kufanyike Januari na Februari, mazungumzo na wakuu wa vitengo Machi, barua ziwe masjala kabla Aprili haijaisha. Kwa idadi, maombi sita au manane yaliyotanguliwa na mazungumzo yanatosha. Yale ishirini ya mapokezi huchosha miguu na kuacha akilini fikra kwamba umejaribu kila kitu.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni kumfundisha mnyonge kuishi ndani ya mfumo wenye upendeleo, badala ya kudai mfumo ubadilike. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Chuo kinachopokea ada ya mwanafunzi na kumdai fildi kina wajibu wa kuwa na makubaliano na waajiri, na mratibu mwenye orodha hai ya wanaopokea wanafunzi angewafaa wasio na ndugu kuliko makala yoyote. Taasisi za umma nazo zingeweza kutangaza kila mwaka zina nafasi ngapi na kila idara inahitaji nani. Wanafunzi wakilidai hilo kupitia serikali zao za wanafunzi watakuwa wamedai haki. Ila aliye mwaka wa pili sasa hawezi kusubiri, na njia niliyoieleza haimnyang'anyi mwenzake chochote. Nafasi ya Maswa ilikuwa wazi kwa sababu hakuna aliyeiomba.

Njia ambayo haikubaliki hata kidogo ni ya kununua. Ukikosa koneksheni, wapo watakaojitokeza kukuuzia: mtu wa mapokezi anayetaka "ya soda" ili barua ipande juu, dalali anayedai ana nafasi kwenye shirika fulani kwa malipo ya awali, na mbaya kuliko wote, afisa anayemtaka msichana akutane naye jioni nje ya ofisi kuzungumzia nafasi. Fildi haiuzwi na taasisi yoyote halali, kwa hiyo kila anayetaja bei amekwishajieleza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahesabu pia kuwa kosa kutumia mamlaka kudai ngono kama sharti la kumpa mtu huduma au nafasi. Dalili huonekana mapema: mazungumzo yanahamishwa kutoka ofisini, barua yako haigongwi mhuri, na majibu yanategemea kitu kisichoandikwa. Ukikutana na hayo, hifadhi ujumbe wa simu, usifute chochote, mweleze mratibu na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure, namba 113. Kupoteza nafasi hiyo moja hakukurudishi nyuma sana ikiwa barua zako nyingine tano ziko hai.

Majibu yakifika, usitulie kabla hujayasoma neno kwa neno. Barua ya kukubaliwa iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, kitengo utakachopangiwa na jina la cheo cha msimamizi. Kama inataja wiki sita na chuo kinadai nane, rudi siku hiyohiyo uombe irekebishwe, maana mwezi Septemba hakuna atakayekubali kuiandika upya. Peleka nakala kwa mratibu kabla ya mwisho wa kupokea fomu ili uingie kwenye orodha ya wanaokaguliwa. Ukikubaliwa mahali pawili, chagua mahali pamoja, uwaandikie wengine barua fupi ya kushukuru na kueleza kwamba umepata kwingine, kisha mpe mwanafunzi mwenzako jina la yule mkuu wa kitengo aliyekuwa tayari kukupokea. Na kama wiki mbili kabla ya kuanza hujapata jibu lolote la maandishi, acha kuongeza barua mpya. Mwone mratibu, muulize waajiri gani wameomba wanafunzi au wana nafasi iliyoachwa na mtu aliyebadili mawazo, kisha wapigie wakuu wa vitengo wawili waliokusikiliza vizuri zaidi mwezi Machi, uwaulize kama wako tayari kukupokea kwa barua ya chuo wakati majibu rasmi yakiendelea kutafutwa.